Nina kifafa. Niwaambie lini?

*Shangazi, nina kifafa tangu utotoni. Natumia dawa, na sasa ni miezi 14 sijaanguka. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani wa ghala. Kuna zamu za usiku na kupanda ngazi kushusha mizigo. Nikisema wataniogopa. Nikinyamaza, si nitakuwa nimewadanganya?*

Mwanangu, kunyamaza si kudanganya, mradi hujaulizwa. Kwa hiyo soma fomu yao vizuri. Ikiuliza kuhusu kifafa nawe ukaandika "hapana", siku ukianguka hakuna atakayezungumzia afya yako tena. Watazungumzia ule uongo, na kwa huo wanaweza kukufukuza. Afadhali uandike, "Nitalieleza hili nikipewa kazi."

Kwenye usaili mimi nisingelitaja. Wakikuacha hapo, watasema aliyechukuliwa ana uzoefu zaidi, nawe huna pa kushika. Ila uliza kazi yenyewe ilivyo: kwa wiki karani hupanda ngazi mara ngapi, na zamu za usiku hupangwaje? Hayo huuliza mtu yeyote, na majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha kama kazi hii utaiweza. Ikiwa karibu siku nzima ni juu ya ngazi, naomba uiache. Ukianguka ukiwa huko juu, huenda usiamke.

Wakati wa kusema ni ukishapata barua ya kupewa kazi, kabla hujasaini mkataba. Wakigeuka baada ya hapo, barua unayo mkononi, na watalazimika kueleza kilichobadilika.

Kabla ya kwenda, mwombe daktari wako barua fupi inayohusu kazi tu. Faili zima la hospitali si lao. Kisha sema hivi, na jioni yake uyaandike hayohayo kwa barua pepe ili yabaki:

"Nina kifafa kinachodhibitiwa kwa dawa, na nina miezi 14 sijaanguka. Naomba zamu za mchana, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kukirudisha. Kazi za juu ya ngazi naomba afanye mwenzangu, nami nichukue sehemu ya hesabu zake. Mengine yote nayamudu."

Umeona? Ugonjwa umechukua sentensi moja, zilizobaki ni kazi. Bosi anayeogopa mara nyingi anaogopa asichokijua, nawe umempa cha kupanga. Maombi ya namna hiyo hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 27, unayatambua; sheria ya nchi yako ndiyo itakayokuambia pa kulalamikia wakikataa.

Si lazima ghala zima lijue. Ukishaanza, chagua mwenzako mmoja wa zamu yako umfundishe: akulaze kwa ubavu, asikutie kitu chochote mdomoni, aangalie saa. Dakika 5 zikipita hujatulia, aite gari la wagonjwa.