WhatsApp: kodi ya uhakiki inaenda laini ya zamani

"Nimebadili namba, WhatsApp imenitoa, kodi inatumwa laini niliyopoteza. Nifanyeje?"

Pole sana ndugu. Kuna mwenzetu amekushauri uanze tu upya na namba mpya; yuko sahihi nusu: utaingia, ila kama mgeni, magrupu hayatakufuata. Kama laini ya zamani iliandikishwa kwa jina lako, nenda duka la mtandao huo na namba yako ya NIDA, uweke alama za vidole, urudishiwe namba ileile. Kodi ikifika, ingia, kisha nenda Settings, Account, Change number. Uhakiki utakuja laini mpya na magrupu yatabaki. Usichelewe, maana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika huuziwa mtu mwingine, na kodi zitamfikia yeye.