Mti mwingi, bwana wa siku dhaifu

Swali la Bazi, unajimu wa Kichina wa nguzo nne za kuzaliwa: "Mwaka Yi Nyoka, mwezi Yi Jogoo, siku Jia Panya, saa Jia Mbwa. Mti ni 4 kati ya 8. Bwana wa siku ana nguvu?"

Hapana ndugu, bwana wa siku, yaani shina la siku ya kuzaliwa, hapa Jia ya mti, ni dhaifu. Usianze kwa kuhesabu, anza na tawi la mwezi, yaani mnyama wake, maana ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwezi wa Jogoo metali iko kileleni na inaukata mti, tena Nyoka anaungana na Jogoo kuiongezea nguvu. Kisha tafuta mizizi: hakuna tawi lako hata moja lililoficha mti, kwa hiyo mashina yote manne, yaani Yi na Jia zako ambazo zote ni mti, yanaelea. Anayemshikilia bwana wa siku ni Panya, aliyebeba maji. Basi elementi ya manufaa ni maji, kwani yanainywa metali na kuulisha mti. Ukimdhania ana nguvu, utachagua metali na kumwumiza zaidi.