Tairi za tela: usidanganywe na kashata

Ninyi mnaoanza kuvuta tela kwa pikapu, chukueni kisa changu. Mwaka 2023 nilinunua tela ya mtumba ya ekseli moja. Tairi zilikuwa na kashata nene, nikaona nimeokoa hela. Kati ya Chalinze na Segera, jua la saa nane, ya kushoto ilichanika, ukanda wa juu ukang'oka na kuondoka na madigadi.

Nilipoikagua ndipo nikasoma ubavuni. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zilikuwa 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Miaka kumi! Tela hutembea mara chache, kwa hiyo kashata haiishi. Mpira ndio unaochoka kwa jua na kwa kusimama sehemu moja miezi mingi. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani, itabidi ulale chini na tochi. Huko huko chini tazama nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka. Mimi sasa nikifika mwaka wa sita nabadilisha, hata kama tairi inang'aa.

Lakini umri haukuwa kosa pekee. Nilirudi kupima mzigo uleule kwenye mizani, magurudumu ya tela tu yakiwa juu ya sahani, pikapu bado imefungwa mbele. Ilisoma kilo 1,300, yaani wastani wa 650 kwa kila tairi. Ubavuni kulikuwa na namba 91, ambayo maana yake ni kilo 615. Na jenereta nilikuwa nimeiweka kushoto, kwa hiyo upande ule ulibeba zaidi ya huo wastani.

Tena hizo 615 unazipata tairi ikiwa na upepo wake kamili. Mtu wa pancha alinijazia 30, kama anavyojaza gari dogo. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja kila mzunguko, tairi inapata joto, na wewe kwenye usukani huhisi chochote, maana inayoyumba iko nyuma.

Nilifunga 185R14C zenye namba 102, kilo 850 kila moja, kwenye ringi zinazostahimili upepo wa tairi hizo. Ubavuni zimeandikwa 65 psi, nami najaza hizo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi ikiwa baridi. Njiani gwaji itapanda. Usipunguze, ni joto tu. Ila usifikiri tairi nene imekuongezea mzigo: kibao cha tela yangu kinaishia kilo 1,500, na ekseli haijabadilika.

Nikisimama Segera huwa naweka kiganja kwenye kila tairi. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, natoa gwaji kabla ya kuagiza chai.