Klipu ikikimbia au ikizubaa ndani ya injini ya gemu, gawanya kwanza

Klipu ya animesheni ikiingia kwenye injini na kuonekana inakimbia, wengi hukimbilia kitufe cha kasi. Wanapunguza kidogo kidogo mpaka jicho liridhike, kisha wanaendelea na kazi nyingine. Ushauri wangu ni kwamba usiguse kasi kabla hujajua mambo mawili: klipu inadumu sekunde ngapi sasa hivi, na ilitakiwa idumu sekunde ngapi. Gawanya urefu uliotakiwa kwa urefu uliopo. Jibu unalopata litakuambia tatizo liko kwenye faili, kwenye mkato wa klipu, yaani fremu inapoanzia na inapoishia, au kwenye skripti yako.

Sababu ya hesabu hiyo kufanya kazi ni hii. Blender haihifadhi pozi zako kwa sekunde. Inazihifadhi kwa namba ya fremu: pozi hii iko fremu ya 6, ile iko ya 12. Sekunde zinapatikana tu pale namba hiyo inapogawanywa kwa kasi iliyoandikwa kwenye `Frame Rate`, ambayo katika mradi mpya huwa fremu 24 kwa sekunde. Injini nayo, iwe Godot, Unity au Unreal, huicheza klipu kwa sekunde. Kwa hiyo faili linapotoka upande mmoja kwenda mwingine, namba hiyo moja ndiyo inayoamua urefu. Ukiibadilisha baada ya kupanga pozi, hakuna pozi itakayosogea hata kidogo kwenye taimlaini, lakini klipu nzima itakuwa fupi au ndefu.

Nichukue mfano wa kigemu tulichokuwa tunakitengeneza hapa Tanga. Mji wetu una baiskeli nyingi, basi mhusika wetu ni mwendesha baiskeli anayetoka kwenye barabara za namba za Ngamiani kuteremka hadi Raskazone. Dada anayetuchorea animesheni alipanga pedeli izunguke mara moja kwa sekunde moja. Kwa kasi ya 24, hiyo ni kuanzia fremu ya 0 hadi ya 24. Kwenye injini, baiskeli ilisogezwa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi kazini. Hesabu zote zilikaa sawa: pedeli mzunguko mmoja, mita 5 za barabara, na magurudumu yamepangwa kuendana na umbali huo.

Ghafla toleo jipya likaja na miguu inayokanyaga kwa pupa, na magurudumu yanateleza juu ya lami kama baiskeli imekwama kwenye mchanga. Kuteleza huko ndiko kipimo kizuri kuliko jicho lenyewe. Barabara ilikuwa bado inapita kwa mita 5 kila sekunde, lakini mzunguko mmoja wa pedeli sasa ulimalizika baiskeli ikiwa imesogea mita 4 tu. Tukafungua `AnimationPlayer` ndani ya Godot tukasoma urefu wa klipu: 0.8. Gawanya 1 kwa 0.8, unapata 1.25. Gawanya 30 kwa 24, unapata 1.25 hiyo hiyo. Pozi zilizopangwa kwa 24 zilikuwa zimesomwa kana kwamba zilipangwa kwa 30.

Swali likawa, nani kabadilisha? Kila mmoja akaapa hajagusa, na kweli hakuna aliyegusa. Kilichotokea ni kwamba siku za nyuma mtu aliingiza kwenye faili lile lile mtembea kwa miguu aliyepatikana tayari, katika FBX ya fremu 30. Kuingiza FBX ndani ya Blender kunaweza kubeba kasi ya faili linaloingia na kuiweka kwenye mradi wako mzima, bila kukuuliza. Mtembea kwa miguu anaonekana sawa kabisa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mwendesha baiskeli aliyekuwepo tangu mwanzo ndiye anayeharibika. Dalili yake ni kwamba klipu zilizotolewa kabla ya siku ile ni nzima, na zilizotolewa baada yake zote zinakimbia kwa kiwango kimoja. Ukiona hivyo, usihangaike na klipu moja moja. Nenda kaangalie `Frame Rate` ya mradi.

Kurudisha 24 kunamponya mwendesha baiskeli papo hapo, lakini kunamuumiza mgeni. Pozi zake ziliwekwa kwenye namba za fremu za 30, kwa hiyo hatua ya fremu 30, iliyokuwa sekunde moja, sasa inachukua sekunde 1.25. Huyo ndiye anayehitaji kubanwa. Ndani ya `Dope Sheet`, chagua pozi zake zote kwa `A`, bonyeza `S`, andika `0.8`, kisha `Enter`. Fremu 30 zinakuwa 24, na hatua inarudi kwenye sekunde yake.

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba Blender hubana pozi kuelekea fremu uliyosimama. Ukiwa umesimama fremu ya 40, pozi iliyokuwa fremu ya 0 itahamia ya 8, na klipu itaanza na ukimya usioeleweka. Simama kwenye pozi ya kwanza kabla ya kubana. Mtego wa pili ndio mbaya zaidi: kichujio cha `Only Show Selected` kikiwa kimewashwa, unaona pozi za mifupa uliyoichagua tu, na unazobana ni hizo tu. Matokeo yake ni mtu ambaye miguu inatembea kwa mwendo mmoja na mikono inapepea kwa mwendo mwingine, na hakuna namba moja itakayomrekebisha baadaye. Zima kichujio hicho kwanza. Alama ulizoweka kwenye taimlaini kwa ajili ya sauti nazo zikague, maana kubana pozi hakuzihamishi lazima.

Kuna wanaouliza kama si afadhali kila kitu kiwe 30 tangu mwanzo, kwa kuwa injini inasema 30. Ukifungua mipangilio ya kuingiza faili ndani ya Godot utaona FPS ya 30 kwa klipu, na Unreal nayo inaweza kuzisoma klipu kwa 30. Lakini hiyo ni idadi ya sampuli zinazochukuliwa katika kila sekunde. Haibadilishi urefu. Klipu ya sekunde moja iliyochorwa kwa 24 inabaki sekunde moja, isipokuwa sasa ina sampuli zaidi. Huna haja ya kuoanisha namba hizo mbili, na kuhangaika kuzioanisha ndiko kunakoleta nusu ya matatizo ninayoyaona.

Unachohitaji ni urefu unaogawanyika vizuri. Injini ikichukua sampuli 30 kwa sekunde, fremu 24 za kasi ya 24 zinakuwa fremu 30 kamili. Fremu 25 zinakuwa 31.25, na robo ile ya mwisho haina pa kukaa. Klipu inayojirudia inaruka kidogo kila inapoanza upya. Kwa hiyo klipu za kujirudia zipange kwa urefu unaogawanyika kwa 4: fremu 16, 20, 24, 32. Kila 4 inageuka 5 kamili.

Urefu huo nao uhesabiwe kwa nafasi kati ya fremu. Kutoka fremu ya 1 hadi ya 24 ni nafasi 23, yaani sekunde 0.958. Pozi ya kwanza irudiwe kwenye fremu ya 25 na mkato uishie hapo, au uanzie 0 na uishie 24, jambo ninalolipenda zaidi kwa sababu halina mjadala. Ukigawanya ukapata kama 1.04, usikimbilie kasi ya fremu. Huenda umepoteza nafasi moja tu kwenye mkato wa klipu fupi.

Sasa, kitufe cha kasi. Kuweka `speed_scale` kuwa 0.8 kungeirudisha klipu yetu kwenye sekunde moja, ni kweli. Lakini ndani ya Godot namba hiyo inashika klipu zote za `AnimationPlayer` ile, hata zile zilizokuwa nzima. Halafu siku mwenzako atakapolitoa faili upya kwa kasi sahihi, kiraka chako kitaifanya klipu idumu sekunde 1.25, na sasa mtatafuta kwa nini inazubaa. Mimi hukitumia pale tu ambapo nataka mwendo ubadilike kimchezo, kwa mfano baiskeli inapopanda kilima.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa yaliyomo ndani ya faili, ambayo yanaonekana sawasawa kwenye kila kifaa. Kuna aina nyingine ambayo urefu wa klipu ukiusoma uko sahihi, lakini simu moja inakimbia na nyingine inazubaa. Hapo faili halina hatia. Kwenye gemu yetu ilikuwa tanga la ngalawa lililochorwa kwa mkono, picha 12 kwa sekunde, zikibadilishwa na skripti. Mstari wenye tatizo ulikuwa huu:

```gdscript
muda += 1.0 / 24.0
picha = int(muda * 12.0) % 12
```

Aliyeuandika alidhani `_process` inaitwa mara 24 kwa sekunde kwa kuwa animesheni zetu za Blender ni za 24. Inaitwa kila fremu inapochorwa kwenye skrini. Kwenye simu inayochora fremu 60 kwa sekunde tanga lilipepea mara 2.5 ya kasi yake, kwenye simu ya 120 mara 5, na kwenye simu dhaifu iliyoshuka hadi 20 likazubaa. Dawa ni kutumia muda halisi uliopita tangu fremu iliyotangulia:

```gdscript
muda += delta
picha = int(muda * 12.0) % 12
```

Ukitaka kujua upo kwenye kundi lipi bila kuazima simu za watu, weka `Engine.max_fps = 30` kisha ujaribu tena na 60. Mwendo ukibadilika, tatizo liko kwenye skripti. Usipobadilika, rudi Blender.

Jibu la mgawanyo likiwa 2 au 0.5, tafuta 30 na 60 zilizochanganywa. Likiwa 2.5, ni 24 na 60. Likiwa 1.001, ni ile 23.976 ya video dhidi ya 24. Kwenye hatua ya sekunde moja huwezi kuiona, ila kwenye onyesho la dakika 10 lenye mazungumzo, midomo itaachana na sauti kwa sekunde 0.6. Na likiwa namba isiyoeleweka, kama 1.37, hilo si suala la kasi ya fremu. Kuna mtu kashika kitufe cha kasi, au mkato wa klipu umeingia kwenye klipu ya jirani.

Siku hizi kila faili linalotoka kwetu linabeba kasi na mkato ndani ya jina lake, mfano `baiskeli_kanyaga_24fps_0-24.glb`. Anayelipokea anagawanya 24 kwa 24, anasoma urefu kwenye injini, na kama haikusoma 1 analirudisha kabla hajaliweka kwenye gemu.