Bima haikukatwa baada ya benki kuungana

"Benki yangu imeungana na nyingine na namba ya akaunti imebadilika. Kodi ya nyumba imelipwa, bima haikukatwa. Kwa nini?"

Ndugu, kodi ni agizo la kudumu ulilotoa kwa benki yako, likahama pamoja na akaunti. Bima hukatwa kwa ombi la kampuni yenyewe, na huenda kwenye faili lao bado ipo namba ya zamani. Waulize ombi lilirudishwa kwa sababu gani. Wakisema "akaunti imefungwa", wape namba mpya na usaini upya idhini ya kukata. Ikiwa namba waliyo nayo ni mpya lakini jibu ni "hakuna idhini", ibane benki: huenda idhini haikuhamishwa. Kabla ya kulipa mwenyewe, hakikisha hawatarudia kukata, usije ukalipa mara mbili.