Dada, maziwa hayaondoi zebaki

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Mume wake ni mchimbaji mdogo, yeye ana ujauzito wa miezi mitano, na karibu kila jioni mume anachoma zebaki kwenye jiko la mkaa lile lile la kupikia. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, nikinywa glasi ya maziwa kila akimaliza kuchoma, mtoto atakuwa salama?"

Niliweka simu chini nikatoka nje. Maneno hayo hayo ya maziwa nilimwambia mke wangu mwaka 2014, na nilimwambia kwa kujiamini kabisa, kwa sababu ndivyo mimi nilivyoambiwa na walionitangulia. Mwaka ule mimba yetu ya pili iliharibika. Kama ni zebaki au sivyo, hakuna daktari aliyeweza kunithibitishia, lakini nilikuwa nachomea hatua nne kutoka kitandani kwetu, na jambo hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Nilianza kazi ya karasha, yaani mashine ya kusaga mwamba wa dhahabu, huko Lwamgasa, mkoani Geita, mwaka 2008. Nilipanda haraka. Watu walinipenda kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi: mchanga mzito ukishatoka mwaloni, pale tunapouosha kwa maji juu ya magunia, naumwagia zebaki ndani ya beseni ili ishike dhahabu, nausugua kwa viganja, nakamua kwa kitambaa mpaka libaki donge jeupe kama fedha, ambalo ukilibonyeza unasikia chembe zikisagana ndani. Donge hilo naliweka kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa. Linatetemeka kidogo, linafifia, kisha linageuka manjano. Watu wazima walikuwa wanasimama kimya kunitazama. Nilijiona fundi, na kweli nilikuwa fundi.

Mwaka 2015 benki ilikataa saini yangu. Msichana wa dirishani aliniomba nisaini tena, nikasaini tena, akatazama kadi, akanitazama mimi. Herufi zilikuwa zinacheza. Kabla ya hapo fizi zilishaanza kutoka damu, mdomoni nilikuwa na ladha kama ya mtu aliyelamba sarafu, usingizi ulipotea, na hasira ndogo ndogo zilikuwa zinanipanda kwa watoto bila sababu. Zahanati ya kwanza walinitibu malaria. Ya pili wakanitibu taifodi. Ya tatu mganga aliitazama mikono yangu ikitetemeka, akaniambia mbele ya mke wangu niache pombe. Sijawahi kuonja pombe maishani. Daktari wa nne ndiye pekee aliyeuliza, "Unafanya kazi gani?" Akaagiza mkojo upimwe zebaki, na jibu likaonekana. Kwa hiyo ndugu yangu mchimbaji, ukienda hospitali, taja kazi yako kabla ya kutaja maumivu.

Sasa turudi kwenye maziwa. Zebaki ya maji ukiimeza, karibu yote inapita tumboni na kutoka. Hatari yake kubwa iko puani. Ukivuta mvuke wake, takribani asilimia 80 ya ulichovuta kinabaki mwilini: kinatoka kwenye mapafu kinaingia kwenye damu, kinakwenda kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito kinavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Maziwa yanakwenda tumboni. Hayo mawili hayakutani.

Na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi unaouona ni wa mkaa na uchafu. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 tu, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila shida, na hata isipochomwa inatoa mvuke kidogo kidogo ikiwa kwenye chupa isiyofungwa. Kitambaa mdomoni hakiuzuii. Barakoa ya vumbi haiuzuii. Donge lililokamuliwa vizuri ni karibu nusu dhahabu, nusu zebaki. Maana yake kila gramu 5 za dhahabu anazopata shemeji, gramu kama 4 au 5 za zebaki zimepanda hewani ndani ya kibanda. Zikipoa zinatua kwenye mabati, kwenye kuta, kwenye masufuria na kwenye khanga iliyoanikwa. Kesho yake jiko likiwashwa kwa ajili ya maharage, joto linaziamsha tena.

Baada ya majibu yale niliacha kuchoma. Mwenzangu tuliyekuwa na karasha moja alisema nimeogopa kazi, akachukua wateja wangu wote. Mwaka mzima nilibeba viroba vya watu kwa malipo ya siku. Sitauelezea mwaka huo. Nitaelezea kilichofuata.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa amehudhuria mafunzo alinieleza kwamba Benguet, huko Ufilipino, wachimbaji wadogo wameyeyusha dhahabu kwa boraksi zaidi ya miaka 30, hawagusi zebaki. Boraksi ni ule unga mweupe ambao mnunuzi wa dhahabu huutia kwenye kikombe anapoyeyusha mzigo wako. Nimeuona miaka yote, sikuwahi kuuliza unafanya nini. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1064. Mchanga na chuma vilivyochanganyika nayo vinahitaji moto mkubwa zaidi. Boraksi inayeyuka mapema, kwenye nyuzi 743, inavila vile vichafu na kuvigeuza kimiminika cha kioo, na dhahabu ambayo ni nzito mara 19 kuliko maji inazama chini peke yake.

Nilichukua viroba vinne vya mwamba wa duara moja, yaani shimo moja la uchimbaji, kilo 50 kila kimoja, nikasaga, nikachanganya, nikagawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza kijana mwingine aliifanya kwa zebaki, akapata gramu 1.3. Mimi kwa boraksi nikapata gramu 0.8. Walinicheka mwaloni pale mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Usiku nililichukua lile bonge la kioo nililolitupa, nikalivunja kwa nyundo. Ndani kulikuwa na vitone vya dhahabu, vingine vidogo kuliko mbegu ya mchicha, vimenasa kama zabibu kwenye mkate. Nikalisaga, nikaliosha, nikayeyusha tena: gramu 0.5. Jumla 1.3, sawasawa na zebaki. Makosa yangu yalikuwa mawili, na karibu kila anayeanza anayarudia. Mchanga wangu ulikuwa bado mchafu, na moto wangu ulikuwa mdogo.

Kazi ya boraksi inamalizikia kwenye kikombe, lakini inashinda au kushindwa kwenye beseni. Kioo kilichoyeyuka vizuri kinamiminika kama asali na kikipoa kinang'aa. Kikiwa kizito kama uji wa ugali, usimimine. Ongeza boraksi na upulize moto, kwa sababu dhahabu bado imening'inia humo. Mara ya pili nilisaga mpaka mchanga ukapita kwenye chujio la milimita moja, nikaupitisha mwaloni polepole, na gunia la juu kabisa nikaliosha peke yake kila baada ya muda mfupi, maana dhahabu nyingi inashika hapo, na gunia likijaa linaanza kuipitisha. Nikaukausha mchanga mzito na kutoa chuma cheusi kwa sumaku iliyofungwa kwenye karatasi, ili ukiitoa sumaku chuma kidondoke chenyewe. Kisha nikaosha tena kwenye beseni dogo, na tone moja la sabuni ya maji, kwa sababu dhahabu laini sana inaelea juu ya maji kama vumbi na sabuni inaizamisha. Kikabaki kijiko kimoja cha mchanga ambao manjano yake unayaona kwa macho. Nikachanganya na vijiko viwili vya boraksi na matone ya maji ili moto usiupeperushe unga, nikaweka kwenye kikombe cha udongo, mkaa na feni. Gramu 1.6.

Na ile 1.3 ya zebaki? Mnunuzi alipoiyeyusha ikashuka mpaka 1.2, kwa sababu dhahabu ya kuchoma kwa kijiko inabaki na zebaki ndani. Hiyo iliyobaki ilivutwa na mnunuzi na mtoto wake aliyekuwa akifanya hesabu za shule pembeni.

Nisikudanganye: boraksi haifanyi kazi kwa kila mwamba. Mwamba wenye madini mengi ya salfa, ule unaomeremeta manjano lakini ukiuponda unakuwa unga mweusi, umefungia dhahabu ndani, na wala zebaki haiitoi. Marudio ya mwamba huo, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, yanakwenda kwenye matangi ya sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Ila marudio yakishaguswa na zebaki, kuyapeleka kwenye sayanidi ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu sayanidi inaiyeyusha zebaki pia na kuisambaza kwenye maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unalitaja jambo hilo kuwa la kukomeshwa, pamoja na kuweka zebaki kwenye mwamba wote unaposagwa, kuchoma bila kifuniko, na kuchomea kwenye makazi ya watu. Ndugu zangu, tunayafanya yote manne na tunamwita mganga wa kienyeji watoto wakichelewa kuongea.

Najua anayekukopesha zebaki bure ndiye anayenunua dhahabu yako kwa bei yake. Najua pia mwenye karasha anabaki na marudio yako, na kadiri zebaki inavyoacha dhahabu nyingi humo ndivyo anavyofurahi. Jiulize nani anakuambia boraksi ni hadithi.

Kwa asiyeweza kuacha leo, kuna ritoti: chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji na kurudisha karibu zebaki yote. Hata hiyo itumike nje, mbali na nyumba, na isifunguliwe mpaka ipoe kabisa. Waliofungua ya moto wamevuta kwa dakika moja walichokwepa mwezi mzima.

Dada, wewe usisubiri hayo. Usiku huu jiko lihamie kwingine, na usilale wala kupika kwenye kibanda kile. Kijiko na sufuria iliyoshika zebaki visirudi kwenye chakula. Usifagie vitone vya zebaki kwa ufagio, unavigawa viwe vidogo na vinatoa mvuke zaidi. Vikusanye kwa karatasi ngumu, uviweke kwenye chupa yenye maji, ufunge. Nguo za shemeji za kazini zikae nje na zifuliwe peke yake. Kliniki mwambie mkunga neno zebaki kwa mdomo wako, uombe kuelekezwa mahali ambapo mkojo unaweza kupimwa.

Shemeji mwambie aje Jumamosi na mchanga wake mzito, hata kijiko kimoja. Sumaku, feni na boraksi ninavyo.