Hati ina jina la marehemu, mkataba una jina langu: kiwanja ni cha nani?

Swali: Wakili, shikamoo. Mwaka 2018 nilinunua kiwanja Kibaha kwa shilingi milioni 18. Tuliandikishana mkataba kwa wakili, mke wa muuzaji akasaini kama shahidi. Siku hiyo nililipa milioni 12, na milioni 6 nikamalizia mkononi siku aliponikabidhi hati. Hati ninayo mpaka leo, ila ina jina lake, sikuwahi kubadilisha. Mwaka jana muuzaji amefariki. Watoto wake wanasema kiwanja ni cha baba yao kwa sababu hati inasema hivyo, na mkataba wangu ni karatasi tu. Nani ana haki?

Jibu: Marahaba. Watoto wana hoja moja ya kweli: kwenye daftari la Msajili wa Hati, mmiliki wa kiwanja hicho bado ni marehemu. Wanapokosea ni kudhani kwamba kwa sababu hiyo wamekirithi kikiwa huru. Baba yao alikufa akiwa na wajibu wa kukuhamishia kiwanja ambacho fedha yake alishaipokea, na wajibu wa namna hiyo haufi na mtu. Unabaki kwenye mirathi yake pamoja na mali alizoacha.

Kwa hiyo nyaraka zako mbili hazipingani, maana kila moja inajibu swali lake.

Mkataba wa mauziano unajibu swali la nini mlikubaliana wewe na yeye. Unaonyesha kwamba aliahidi kuuza, wewe uliahidi kununua, kiwanja ni kipi, bei ni kiasi gani, na siku ile alipokea kiasi gani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya namna hii yawe ya maandishi, nanyi mliandika. Hapo msingi wako ni mzuri. Lakini mkataba ni kifungo kati ya watu wawili. Unamfunga muuzaji na atakayesimamia mali zake, haumfungi Msajili wala mtu wa pembeni asiyeujua. Sheria ya Usajili wa Ardhi, kifungu cha 41, inasema uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa haukamiliki mpaka usajiliwe. Hivyo tangu 2018 unachokimiliki ni haki ya kudai kuhamishiwa. Ni haki nzito na mahakama huitekeleza, ila umiliki wenyewe haujakufikia.

Muhuri wa wakili nao usipewe uzito usio wake. Unathibitisha kwamba mliofika mbele yake ndio mliosaini. Hausemi kwamba muuzaji alikuwa na mali ya kuuza. Ndivyo ulivyo pia muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambao wanunuzi wengi huutegemea kupita kiasi. Aliyeuza kisicho chake hakuhamisha kitu, hata mkataba wake uwe na mihuri kumi, na mnunuzi hubaki kumdai arudishe fedha. Wewe kwa bahati nzuri uko mbali na hatari hiyo, kwa sababu hati inaonyesha kwamba aliyekuuzia ndiye aliyekuwa mmiliki.

Hati inajibu swali la nani anayetambuliwa na serikali kuwa na haki juu ya kipande hicho. Ifungue uisome. Utaona namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa wa eneo, matumizi yaliyoruhusiwa, tarehe ambayo muda ulianza na muda wenyewe, ambao kwa kawaida huwa miaka 33, 66 au 99. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo alichokuwa nacho marehemu, na utakachohamishiwa wewe, ni haki ya kutumia kwa muda uliobaki na kwa masharti yaliyomo humo, ikiwemo kulipa pango la ardhi kila mwaka. Kama muda ulianza 1995 na ni wa miaka 33, basi umenunua muda unaokwisha 2028. Hilo ni la kulijua mapema.

Mahakama ya Rufani imelisema waziwazi katika rufaa ya madai namba 35 ya mwaka 2019: watu wawili wanapogombea ardhi, mwenye hati huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki halali, isipokuwa ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Hati ina nguvu hiyo, lakini inaweza kupingwa kwa ushahidi wa ughushi au wa utaratibu uliokiukwa. Tena nguvu hiyo ni ya mtu mwenye jina kwenye daftari. Haimfuati anayeishika karatasi. Hati iliyoko kabatini kwako haijakupa umiliki, kama vile ambavyo isingempa umiliki mwizi aliyeiiba.

Je, kuishika kwako hakuna faida? Ipo kubwa, na hapa ndipo nataka uangalie kwa makini, kwa sababu kesi yako inaweza kushinda au kushindwa kwenye zile milioni 6.

Warithi wakishapata wakili, hoja ya "karatasi tu" wataiacha haraka. Watakuja na nyingine: mnunuzi alilipa milioni 12 peke yake, hakumaliza, basi yeye ndiye aliyevunja mkataba. Mkataba wako unathibitisha milioni 12 kwa sababu muuzaji alisaini kuzipokea. Kuhusu milioni 6 unathibitisha ahadi tu, na uliyemlipa hayupo tena wa kukubali. Soma kipengele cha malipo. Kama kimeandikwa kwamba salio litalipwa siku ya kukabidhiwa hati, basi hati iliyoko mikononi mwako inageuka kuwa ushahidi wa malipo. Mtu hakabidhi hati yake halisi kwa mnunuzi anayemdai theluthi nzima ya bei, kisha akakaa miaka bila kudai. Ongeza na kila kinachoizunguka siku hiyo: taarifa ya benki inayoonyesha ulitoa fedha tarehe hiyo au siku moja kabla, meseji mliyotumiana, mtu aliyekuwepo. Risiti za pango la ardhi ulizolipa baada ya hapo, na ujenzi au uzio wowote uliouweka marehemu akiwa hai na asiseme kitu, vinaeleza habari ileile. Kama kipengele hakisemi hivyo, vielelezo hivi vya pembeni ndivyo vitakavyobeba mzigo wote. Vikusanye sasa.

Sahihi ya mama mjane nayo ina thamani. Mwenzi wa ndoa anaweza kupinga mauzo ya mali ya familia yaliyofanyika bila ridhaa yake, na kesi za aina hiyo ni nyingi. Kusaini kama shahidi si sawa kabisa na kuandika kwamba ameridhia, lakini itamwia vigumu kudai kwamba hakujua.

Sasa hatari yenyewe. Watoto hawawezi kuuza leo, kwa sababu hakuna kati yao mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Akishateuliwa, anaweza kusajiliwa badala ya marehemu na kumuuzia mtu mwingine. Hati ninayo mimi, utasema. Ndiyo, ila mtu anaweza kuapa kwamba hati imepotea, tangazo likatolewa gazetini, na usipoliona ikatolewa hati nyingine. Mnunuzi wa pili akinunua kwa fedha yake, bila kujua habari zako, akasajiliwa, mambo yanageuka. Yeye atakuwa na jina kwenye daftari, wewe utakuwa na mkataba na mtu aliyefariki. Itakubidi uthibitishe kwamba usajili wake ulipatikana kwa udanganyifu, na ukishindwa utabaki kuidai fidia mirathi. Mkataba ni uleule, malipo ni yaleyale, lakini matokeo ni tofauti kwa sababu ya jina lililotangulia kuandikwa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kwenda ofisi ya ardhi ya mkoa kuomba upekuzi rasmi wa daftari, ili ujue hali ya hati hiyo leo: jina la nani limo, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama? Usitosheke na karatasi uliyo nayo, kwa sababu daftari linaweza kuwa limeandikwa jambo ambalo nakala yako haina. Siku hiyohiyo wasilisha tahadhari kwa Msajili. Sheria ya Usajili wa Ardhi inamruhusu mwenye maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa kufanya hivyo kwa kueleza maslahi yake chini ya kiapo, na wewe utaambatisha mkataba. Tahadhari haikufanyi mmiliki, na upande wa pili unaweza kuomba Mahakama Kuu iiondoe. Kazi yake ni kuzuia uhamisho usipite kimyakimya.

Hatua ya pili, ulizia kama mirathi imefunguliwa na katika mahakama gani. Usiwashtaki watoto kama watoto. Anayewajibika kwako ni msimamizi. Mwandikie kwa maandishi ukimtaka akamilishe mauzo, na hakikisha kiwanja hakiingizwi kwenye orodha ya mali za kugawana kana kwamba hakina mdai. Akikubali, atasajiliwa kwanza kwa nafasi yake ya usimamizi, kisha atasaini fomu ya uhamisho kwako. Kutakuwa na uthamini, kibali cha uhamisho, kodi ya ongezeko la mtaji inayopaswa kulipwa na upande wa muuzaji, na ushuru wa stempu. Angalia kama mkataba wako ulilipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa hupingwa kupokelewa mahakamani mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

Akikataa, fungua shauri kuomba amri ya kumlazimisha akuhamishie. Muda wa ukomo kwa madai ya mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa, na kwa kudai ardhi ni miaka 12. Kama mkataba wako ulitaja tarehe ya mwisho ya kukamilisha uhamisho, wapinzani wako watahesabu miaka 6 kuanzia hapo. Kama haukutaja, una hoja nzuri kwamba hesabu inaanza walipokukatalia. Kwa hiyo barua yako ya kwanza kwa msimamizi ipeleke ikiwa na tarehe, na abaki amekusainia nakala ya kupokea.